Machozi yanapolengalenga mbele ya mkuu na wenzako

*Mimi ni mwalimu wa hisabati sekondari, mwaka wa tatu kazini. Nikisemwa mbele ya walimu wenzangu machozi yanakuja hata kama sina huzuni. Kikao kilichopita mkuu wa shule aliuliza kwa nini wanafunzi 41 kati ya 64 wamepata F kwenye upimaji wa kidato cha pili. Darasa lile nililipokea Julai, lakini nilipofungua mdomo sauti ilikatika, nikainuka nikatoka bila kuaga. Sasa inasemwa nimemdharau. Baada ya wiki mbili kuna kikao cha mipango na najua nitaulizwa tena. Nijikaze vipi?*

Mwalimu, kujikaza ndiko kulikokuangusha. Anayejikaza huzuia pumzi, huuma meno na hukaza koo, na mara nyingi hana habari kwamba anafanya hivyo. Wakati huohuo mwili umeshaamka kwa ajili ya hatari, na mwili ulioamka unataka njia ya hewa ibaki wazi. Wewe unataka kumeza mate au kusema, na kumeza na kusema kunahitaji njia hiyo ifungwe kidogo. Misuli ya koo inavutana, huku inafungua na huku inafunga, na mvutano huo ndio unaouita donge. Pumzi uliyoizuia nayo haina pa kwenda. Ukifungua mdomo inatoka kwa mkupuo, na kwa kuwa nyuzi za sauti zimekazwa, kinachosikika ni sauti iliyokatika au kwikwi. Ndiyo maana ulikaa kimya vizuri tu mkuu alipokuwa anasema, mambo yakaharibika pale ulipoanza kujibu.

Kujikaza kuna gharama ya pili isiyoonekana. Mwanasaikolojia James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford, pamoja na Robert Levenson na watafiti wengine, walichunguza kwa miaka watu walioambiwa wafiche hisia zao usoni. Uso ulitulia kweli, lakini hisia yenyewe, hasa ile chungu, haikupungua, na mwili kwa ndani ulihangaika zaidi. Baadaye waligundua pia kwamba anayeficha hisia hukumbuka kidogo zaidi yale aliyoambiwa alipokuwa anazificha. Hebu lipeleke hilo kikaoni. Mkuu anauliza swali, nguvu zako zote ziko kwenye kushikilia uso, na swali linapofika mwisho hujui ameuliza nini hasa. Ukijibu hovyo unaonekana huna maelezo, na aibu inaongezeka juu ya aibu.

Machozi yenyewe huwezi kuyaamuru. Tezi inayoyatoa iko juu ya jicho upande wa nje, na mishipa ya fahamu inayoiendesha ni ile ya mambo yasiyongoja ruhusa yako, kama mate na mmeng'enyo wa chakula. Ila kuna vitu vinne vinavyokaa jirani na machozi na vyote vinakusikia: pumzi, misuli ya koo na taya, mwelekeo wa macho, na jambo unalolishughulikia akilini. Kazi yote ni ya hivyo vinne. Na inafaa ifanyike mapema, kwa sababu jicho lina nafasi ndogo sana. Ukingo wake wa chini hubeba majimaji yasiyofikia hata tone moja kamili la dawa ya macho, ndiyo sababu dawa hiyo humwagika shavuni kila unapoiweka. Sehemu ya machozi hupita kwenye vitundu viwili vidogo vilivyo kwenye kona ya ndani ya kila jicho na kushukia puani. Kwa hiyo pua huanza kulowa kabla shavu halijalowa. Ukijikuta unavuta kamasi, jua bado una nafasi.

Tafuta basi dalili yako ya kwanza. Wapo ambao pua huwasha kwa ndani, wengine kidevu hutetemeka, wengine masikio na shingo hupata moto. Kaa ukumbuke kikao kile taratibu, dakika baada ya dakika, kabla hujafungua mdomo: kitu gani kilibadilika kwanza mwilini? Kiandike. Watu wengi hudhani dalili yao ya kwanza ni macho kujaa, kumbe macho huja ya tatu au ya nne. Anayesubiri macho amesubiri sana.

Sasa hilo la dharau, kwa sababu lisipotengenezwa kwanza, kikao kijacho utaingia na mzigo wa kile kilichopita. Wenzako hawakukasirishwa na machozi. Mtu akitokwa na machozi kikaoni, wengi huinamisha macho na kumwonea huruma. Kilichosomwa kuwa dharau ni kuinuka mkubwa akiwa hajamaliza, kutoka bila neno, na bila shaka hukurudi. Ukiangalia kwa macho ya mkuu, yeye hakuona mtu anayelia. Aliona mwalimu aliyeulizwa swali akampa mgongo. Hilo ni kosa la dakika moja, na linatengenezeka kwa dakika tano.

Nenda ofisini kwake siku tatu au nne kabla ya kikao, usingoje asubuhi ya siku yenyewe. Kama kwenu utaratibu ni kupitia kwa makamu au mwalimu wa taaluma, pitia huko, naye atakutangulizia neno. Amkia, subiri ukaribishwe kiti, kisha sema kitu chenye sehemu mbili tu: ulichokosea, na ulicholeta. Mfano: "Mkuu, siku ile nilitoka kikaoni bila kuomba ruhusa. Halikuwa jambo la heshima, naomba radhi. Nimekuja pia na maelezo ya lile darasa ambayo sikuweza kuyatoa." Halafu mpe karatasi yako.

Angalia kisichokuwemo. Hujaomba radhi kwa kulia. Hujasema "mimi ndivyo nilivyo". Hujaeleza jinsi ulivyoumia, maana ukianza hapo koo litakaza tena, na mazungumzo yatageuka kuwa ya kukubembeleza badala ya kuwa ya darasa. Kama mkuu mwenyewe atauliza, "Lakini mbona ulilia?", jibu fupi linatosha: "Jambo la wanafunzi wale linanigusa, mkuu, na mwili wangu uko hivyo nikibanwa. Kusikia nasikia, na kazi nafanya."

Jibu hilo nimelipanga hivyo kwa sababu. Mwaka 2016 Elizabeth Wolf na wenzake walichapisha utafiti wa jinsi watu wanavyomhukumu mfanyakazi aliyeonyesha uchungu kazini. Aliyesema ni kwa sababu anaijali kazi alionekana ana uwezo zaidi kuliko aliyesema ni kwa sababu ana hisia nyingi. Machozi ni yaleyale, ila maelezo yake yanaelekea kwenye kazi au kwenye udhaifu wako. Tahadhari moja ya kwetu: sentensi ya "naijali kazi" ikisemwa peke yake inasikika kama kujitetea. Ifuatishe papo hapo na jambo la kazi, ama namba, ama mpango.

Tuje kwenye karatasi yenyewe. Andika ukurasa mmoja kwa mkono, herufi kubwa, mistari iachane, maana macho yenye maji hayasomi maandishi madogo. Juu kabisa weka namba, sababu zifuate chini. Mtu aliyebanwa husoma namba kwa urahisi kuliko anavyoeleza sababu, kwa kuwa namba hazikuulizi kama wewe ni mwalimu mzuri au mbaya. Kwako ingekuwa hivi: "Wanafunzi 64. Waliopata F ni 41. Waliovuka ni 23. Nilipokea darasa mwezi Julai. Mada zilizokuwa hazijafundishwa nilipopokea ni hizi." Kisha mpango kwa mistari mitatu: vipindi vya ziada siku gani na saa ngapi, jaribio dogo kila baada ya muda gani, na kitu kimoja unachoomba kutoka ofisini. Kuna hofu kwamba kutaja Julai kutaonekana kama kumtupia lawama aliyekutangulia. Ukiitaja kama tarehe, katikati ya namba nyingine, inabaki kuwa tarehe. Ukiisema mwishoni kwa sauti ya kulalamika ndipo inapokuwa lawama.

Nakuomba ulichukulie kwa uzito hilo la Julai. Umeandika kwamba machozi huja hata bila huzuni, na huenda ni kweli, kwa kuwa machozi ya kikaoni mara nyingi si ya huzuni. Ni ya mtu mwenye neno la haki ambaye anaona hana njia ya kumwambia mkubwa bila kuonekana anabishana. Kwetu mdogo hampigii kelele mkubwa, kwa hiyo hasira hukosa mlango na kutokea machoni. Dawa yake ni kuipa mlango wa adabu mapema. Andaa sentensi moja ya kupinga yenye heshima na uijue kwa moyo: "Mkuu, naomba kuongeza jambo moja katika hilo." Sentensi hii haimkatizi mtu. Inaomba nafasi, inasema ni jambo moja tu, na inamwachia yeye aitoe. Wengi wakishajua kwamba neno lao litasemwa, sehemu kubwa ya donge hulegea kabla hata hawajalisema.

Kisha fanya mazoezi, na usiyafanye kwa kusoma kimya kimya. Unahitaji mtu. Tafuta mwenzako mmoja unayemwamini, au ndugu nyumbani, umwandikie swali lile baya kwa maneno yaleyale yaliyokuchoma: "Mwalimu, hawa 41 ulikuwa unawafanyia nini?" Jioni ya kwanza alisome kwa sauti ya kawaida, nawe utoe pumzi kwanza, kisha ujibu sentensi yako ya kwanza tu, basi. Rudieni mara tano. Jioni nyingine alisome kwa ukali kidogo. Nyingine asimame, wewe ukiwa umekaa, na awepo mtu wa tatu anayetazama. Jioni nne au tano za dakika kumi kumi zinatosha. Ukilia kwenye mazoezi, usiache. Pumzika dakika mbili, rudia hatua ya chini yake, na umalizie siku kwenye hatua uliyoiweza. Kosa la kawaida hapa ni kuanza na ukali wa mwisho jioni ya kwanza, mtu akavunjika, akasema mazoezi hayamfai. Kosa jingine ni kukariri hotuba nzima. Kinachotakiwa kikae mdomoni ni sentensi ya kwanza. Ikishatoka nzima, sauti imepita mahali pabaya, na zilizobaki unazisoma kwenye karatasi.

Usiku wa kuamkia kikao lala vya kutosha, na siku yenyewe usiingie na njaa. Aliyekosa usingizi au chakula machozi yake yako karibu, hilo halina siri. Punguza kahawa na chai ya rangi nzito asubuhi hiyo, kwa kuwa moyo ukidunda kwa kahawa, akili huuchukua mdundo ule kuwa ni hofu. Beba chupa ndogo ya maji, kalamu, na leso ya kitambaa cha pamba. Karatasi laini zinaacha vipande usoni zikilowa, na kuchomoa moja baada ya nyingine kunavuta macho ya watu. Kama hupaka wanja, siku hiyo uache. Kaa upande ulio karibu na mlango, lakini mahali ambapo mkuu anakuona. Ukitoka hutapita mbele ya watu wote, na huonekani umejificha.

Sasa tuchukue dakika yenyewe. Mkuu anasema, "Tuje kwenye hisabati kidato cha pili." Hapo tayari, kabla ya swali, toa pumzi. Nasema toa. Karibu kila mtu akiambiwa apumue huvuta hewa nyingi, na kuvuta juu ya kifua kilichojaa kunazidisha mkazo. Legeza taya, meno yaachane ndani ya mdomo uliofungwa, ulimi ulale chini, kisha acha hewa itoke polepole puani mpaka iishe. Ndipo uvute kwa hesabu ya nne, na utoe kwa hesabu ya sita. Mzunguko mmoja ni sekunde kama kumi, na mitatu ni nusu dakika, na hakuna atakayegundua. Hesabu ya kutoa ndiyo iwe ndefu siku zote, kwa sababu moyo hupunguza mwendo tunapotoa hewa na huongeza tunapovuta. Ukihisi vidole au midomo inakufa ganzi na kichwa kinakuwa chepesi, umekuwa ukipumua kwa haraka au kwa nguvu kupita kiasi. Punguza kiasi cha hewa, usiongeze.

Wakati pumzi inaendelea, akili ipe kazi. Gross, yule niliyemtaja, alionyesha kwamba kuitazama hali kwa namna nyingine mapema, kabla hisia haijakomaa, husaidia kuliko kuificha ikishakomaa. Lakini usijiambie "hili si kitu", maana hutajiamini. Jiulize swali la kikazi: je, anauliza idadi, anauliza sababu, au anauliza mpango? Andika neno moja kwenye daftari: "idadi", au "sababu", au "mpango". Ukishaandika, swali lake limetoka kuwa hukumu juu yako na limekuwa swali lenye jibu, na jibu liko kwenye karatasi. Ukifanya hili utalisikia pia lote, jambo ambalo anayejikaza hulikosa.

Kuna kosa dogo hapa. Kuandika kunainamisha kichwa, na kichwa kikiinama machozi yaliyosimama ukingoni yanadondoka kwenye daftari. Kwa hiyo andika mapema, macho yakiwa bado makavu. Yakishaanza kulengalenga, inua kidevu kiwe sawa na sakafu, isizidi hapo, maana kuangalia dari mbele ya mkubwa anayesema nako ni kosa jingine. Tazama paji lake la uso au kifundo cha tai. Kwa adabu zetu si lazima umkodolee mkubwa macho, na kwa umbali wa meza hatajua kwamba hutazami macho yake. Pepesa kope kidogo kidogo bila kukaza. Kupepesa taratibu kunasukuma machozi kuelekea vile vitundu vya kona ya ndani, wakati kufumba kwa nguvu kunayakamua yatoke nje. Piga funda dogo la maji na umeze. Kumeza kunalipa koo nafasi ya kulegea, na chupa inakupa sekunde tano za heshima ambazo ukimya mtupu usingekupa.

Nyayo zote mbili ziwe chini, uzikandamize sakafuni kwa sekunde tano kisha uziachilie. Wapo wanaojifinya kiganja au kuuma ulimi. Maumivu huhamisha akili kwa muda mfupi sana, halafu unarudi ulipokuwa, na meno yako yamekazwa tena. Siyapendi.

Zamu yako imefika. Toa hewa yote, ivute kidogo, anza kusema hewa ikiwa inatoka. Sauti iwe ya chini kidogo kuliko kawaida yako, maneno yawe ya mwendo wa imla. "Asante mkuu. Wanafunzi 64. Waliopata F ni 41." Nukta, pumzi. "Nililipokea darasa mwezi Julai." Nukta, pumzi. Sentensi ndefu ndiyo inayokatika, kwa kuwa hewa inaisha katikati na koo linakaza kulitafuta neno la mwisho. Sentensi ya maneno manne au matano haiwahi kuishiwa. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke, na uendelee na namba. Msikilizaji hufuata namba. Ukisimama kuikohoa au kuichekea sauti, unawaita wote waje kuitazama.

Na chozi likidondoka? Litadondoka siku moja, pengine siku hiyohiyo. Chukua leso, iguse mara moja chini ya jicho, mara moja chini ya jicho la pili, uishushe. Usisugue, kwa kuwa kusugua ndiko kunakoleta wekundu unaokaa muda mrefu. Kama huwezi kuendelea papo hapo, sema: "Mkuu, naomba nusu dakika." Funda la maji, mizunguko mitatu ya pumzi, endelea pale ulipoishia bila kueleza chochote. Usiseme "samahani" mara tatu. Kila samahani inamlazimu mtu akujibu, wa kwanza atasema "pole", wa pili atasema "pole mwalimu", na hakuna kinachofungua machozi haraka kama pole ya mtu mwema. Ukipewa pole, itikia "asante" ukiwa unaangalia karatasi, na urudi kwenye mstari wako.

Kwikwi ni jambo jingine. Kifua kikishaanza kurusharusha pumzi, maneno hayatatoka, na kuyang'ang'ania ni kuwatesa wenzako na kujitesa. Hapo ndipo unapotoka, ila safari hii kwa adabu. Simama kwanza, kisha sema sentensi uliyoiandaa: "Mkuu, naomba ruhusa ya dakika tano. Nitarudi nitoe maelezo." Kama sauti haipo kabisa, inua mkono, mkuu akikutazama weka kiganja kifuani na uiname kidogo, na umwachie aliye jirani ile karatasi yako mezani. Kuna tofauti kubwa kati ya kutoka huku maelezo yako yamebaki mezani na kutoka na kila kitu chako. Daftari na mkoba viache kitini, ni dalili ya wazi kwamba unarudi.

Nje, usisimame dirishani wanapokuona. Nawa uso kwa maji ya baridi, lowesha na shingo, kausha kwa kugusagusa. Penga kamasi vizuri, sasa ndiyo nafasi. Kisha fanya hivi mara tano: vuta hewa puani, ongeza kidogo juu yake bila kutoa, halafu iachie yote kwa mdomo taratibu kama anayepoza uji. Tembea hatua kadhaa. Usimpigie mtu simu kumsimulia, kwa kuwa anayesimulia hulia upya. Dakika tano zikiisha rudi, hata kama macho bado mekundu. Mwalimu mwenye macho mekundu aliyerudi alivyosema ametimiza neno lake, na aliyengoja nusu saa mpaka macho yawe meupe atakuta ajenda imeshapita. Ingia, kaa, na pakitokea nafasi inua mkono: "Mkuu, kama bado kuna nafasi, naomba nitoe yale maelezo." Akisema tutaongea baadaye, itikia, na baada ya kikao mfuate umuulize ni saa ngapi.

Kuna saa moja na nusu baada ya kikao ambayo ni ya kuiangalia. Watafiti wa Uholanzi, Asmir Gračanin na Ad Vingerhoets wakiwamo, waliwaonyesha watu filamu za kuhuzunisha wakapima hali ya wale waliolia. Mara tu baada ya kulia hali yao ilikuwa mbaya zaidi kuliko mwanzo. Baada ya dakika 20 ilirudi ilipokuwa. Baada ya dakika 90 ilikuwa nzuri kuliko kabla ya filamu. Kwa hiyo ile hisia ya kwamba umeaibika milele, inayokuja ukiwa unarudi nyumbani, usiipe kalamu. Usiandike barua ya kuomba uhamisho, na usijieleze kwenye kundi la walimu la WhatsApp.

Kuna mipaka miwili. Haya yote ni kwa kikao ambacho mkuu anauliza kwa ukali lakini anauliza kazi. Kama unatukanwa, unadhihakiwa maumbile au familia yako, au unasemwa mbele ya wanafunzi, shida haiko kwenye machozi yako na usijifundishe kuyastahimili matusi. Andika tarehe, maneno yaliyosemwa na waliokuwepo, na umwone mwakilishi wa chama cha walimu, CWT, hapo shuleni kama wewe ni mwanachama.

Mpaka wa pili ni wa afya. Machozi yanayokuja ukibanwa tu ni tabia ya mwili. Yakija siku nyingi kwa wiki mbili au zaidi bila kubanwa na mtu, pamoja na kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula au ya kazi, au fikra kwamba ni bora usingekuwepo, nenda hospitali ueleze hivyohivyo. Ukiwa na fikra hizo za mwisho usingoje wiki ziishe, nenda siku hiyohiyo na mtu wa kukusindikiza. Kama umejifungua ndani ya mwaka mmoja uliopita, mwambie mhudumu na hilo, linabadilisha anachokiangalia.

Asubuhi inayofuata kikao, vyovyote kitakavyokwenda, fika mapema kama kawaida na umwamkie mkuu pale unapomkuta. Wenzako wakiuliza, "Jana vipi?", wajibu, "Nimepewa vipindi vya ziada Jumanne na Alhamisi," au lolote lile lililoamuliwa kuhusu darasa.